Dakika Zinazopotea Njiani

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo wanafunzi huliona kila siku bila kulijua jina lake, na waalimu hulijua jina lake bila kuliona. Jambo lenyewe ni ile karatasi ambayo mwalimu huiweka mezani kabla hajaanza kufundisha. Waalimu waliosoma kwa Kifaransa huiita fishi. Wenzetu wa Tanzania huiita andalio la somo, na jina hilo la pili ndilo nitakalolitumia.

Nalipokuwa mwanafunzi hapa Bujumbura nalikaa deski la mbele kabisa kwa sababu ya macho yangu mabovu. Siku moja mwalimu wetu aliitwa nje, nami nikainua shingo nikaichungulia karatasi yake. Ilikuwa imepigwa mistari vizuri kwa rula. Upande wa kushoto paliandikwa hatua za somo, na mbele ya kila hatua dakika zake: 5, 15, 10, 5, 5. Nikajumlisha moyoni nikapata 40, sawasawa na kipindi. Nilistaajabu sana, maana katika darasa lile hatukuwahi hata mara moja kufika mwisho wa somo. Kila siku kengele ililia tukiwa ndiyo kwanza tunafungua madaftari ili tufanye zoezi, na mwalimu akasema kwa haraka, "Mtamalizia nyumbani." Waliokuwa na taa nyumbani walimalizia. Sisi wengine tuliandika alfajiri, ama tulinakili kwa rafiki njiani.

Nikafikiri kwamba saa ya mwalimu ni mwizi. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili, na karatasi hizo naziandika kila jioni, na mwizi nimemwona. Hakai ndani ya saa. Anakaa katikati ya mstari mmoja wa andalio na mstari unaofuata.

Kwanza tulitazame andalio lenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajalishika mkononi. Katika shule za sekondari za Tanzania, ambako kipindi ni cha dakika 40 kama hiki ninachokisemea, waalimu wamefundishwa kwa miaka mingi kuligawa somo hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kukazia maarifa, tafakari, na hitimisho. Mbele ya kila hatua kuna muda, kisha kazi ya mwalimu, kisha kazi ya wanafunzi, kisha namna ya kupima kama wameelewa. Ni mpango mzuri, nami siupingi. Humzuia mwalimu kusema peke yake tangu mwanzo hata mwisho, na humlazimisha kujiuliza kila mara, "Wakati huu ninaposema, wao wanafanya nini?"

Lakini tazama hesabu yake. Hatua ya kwanza ikiisha dakika ya 5, ya pili huanza dakika ile ile ya 5. Hapana nafasi ya kupumua katikati. Ni kama mtu anayepanga safari ya kutoka Buyenzi kwenda Gitega, akahesabu saa za gari kutembea tu, asihesabu kungojea abiria wajae, wala kupakia mizigo, wala kushuka kununua ndizi njiani. Atafika, lakini si kwa saa aliyoiandika.

Toka kazi moja hata kazi nyingine darasani pana kivuko. Madaftari yatolewe, kalamu zitafutwe, ubao ufutwe, watu wageukiane, kelele zipande kisha zishuke. Kivuko hicho kina dakika zake, uziandike usiziandike. Usipoziandika hazipotei, huenda kuzila dakika za kazi ya mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo isiyo na mtetezi mbele yake.

Sasa nitoe ushahidi wangu, na aibu yake niibebe mwenyewe. Nalikuwa nafundisha darasa la mwaka wa 7 lenye wanafunzi 62, watatu watatu katika deski. Somo lilikuwa ngeli ya KI-VI pamoja na vimilikishi: kitabu changu, vitabu vyangu, kiti chako, viti vyako. Andalio langu lilikuwa lile lile la 5, 15, 10, 5, 5. Nikampa saa yangu mwanafunzi mmoja mwaminifu wa deski la nyuma, nikamwambia aandike dakika kila tunapoanza kazi na kila tunapoiacha. Sikumwambia sababu.

Baada ya kipindi nikasoma karatasi yake. Toka kengele hata neno langu la kwanza la somo, dakika 4: mwalimu aliyetangulia alikuwa bado anakusanya vitu vyake, ubao umejaa hesabu zake, na salamu zetu nazo zina urefu wake. Utangulizi, dakika 6. Kutoa madaftari na kuazimana kalamu, dakika 2. Maarifa mapya, dakika 16. Kugawana vikundi, kubeba viti vya benchi huku na huku, na kugombana nani akae na nani, dakika 5. Kazi ya vikundi, dakika 5 badala ya 10. Kurudi mahali pao, dakika 2. Kengele.

Jumlisha mwenyewe, msomaji. Kazi yenyewe ilikuwa dakika 27, na vivuko dakika 13. Mimi nalidhani siku zote kwamba kosa langu ni kusema sana. Kumbe kwa kusema nilizidisha dakika 2 tu: moja katika utangulizi na moja katika maarifa mapya. Zile 13 zilikwenda katika vivuko, ambavyo katika karatasi yangu havikuwako kabisa. Tafakari haikufanyika. Zoezi la hitimisho halikufanyika. Na andalio langu, lililotiwa sahihi, lilionyesha kwamba yote yamefanyika.

Mtu atasema: zoezi la dakika 5 ni kitu gani? Si watafanya nyumbani? Hapo ndipo penye uzito wa neno langu, na yafaa nilieleze polepole.

Katika darasa lile kuna watoto wa namna mbili. Wako wa Buyenzi na Bwiza, ambao Kiswahili wamekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Na wako waliotoka milimani, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kirundi na Kiswahili wamekikuta shuleni. Ninapouliza swali, wa kwanza kunyoosha vidole ni wale wa Buyenzi, nao hujibu kwa ulimi mwepesi mpaka mwalimu hufurahi akajisemea, "Darasa limeelewa." Lakini Kiswahili cha mitaani kwetu husema kitabu yangu, kiti yangu, nacho hakina ubaya wowote sokoni, mtu huuza na kununua na kuoa na kuzika kwa Kiswahili hicho hicho. Ila mtihani hauandikwi sokoni. Mtihani wataka kitabu changu.

Na yule mtoto wa milimani, anayekaa kimya akiona haya ya lafudhi yake, nyumbani kwao wanasema igitabo canje, na vikiwa vingi, ibitabo vyanje. Tamka maneno hayo kwa sauti, maana hiyo c ya Kirundi husomeka ch. Canje, changu. Vyanje, vyangu. Kanuni ninayoifundisha kwa dakika 16 anayo tayari mdomoni tangu utotoni, wala hajui kwamba anayo, na mimi sikumwambia.

Basi yule anayesema sana ndiye mwenye kosa, na yule anayenyamaza ndiye aliye karibu na jibu. Kwa kusikiliza majibu ya mdomo sitalijua hilo kamwe. Njia moja tu ya kulijua ni kila mmoja aandike peke yake, mbele yangu, kabla hajatoka. Ndiyo lile zoezi la mwisho lililoliwa na vivuko. Likienda nyumbani hurudi limenakiliwa, yote sahihi, na kalamu za rangi tatu. Nami mwenyewe nalikuwa fundi wa kunakili, kwa hiyo sidanganyiki.

Baada ya aibu ile nikatafuta watu waliolichungua jambo hili kabla yangu. Yuko Mmarekani mmoja, Jacob Kounin, aliyetoa kitabu mwaka 1970 juu ya kuendesha madarasa. Alitaka kujua ni namna gani ya kukaripia inayowatuliza wanafunzi. Akapiga filamu za madarasa mengi, akazitazama tena na tena, na mwisho akakuta kwamba namna ya kukaripia haikuwatofautisha waalimu wa madarasa matulivu na waalimu wa madarasa ya fujo. Kilichowatofautisha ni mambo yanayotangulia fujo, na mojawapo ni jinsi mwalimu anavyolivusha darasa toka kazi moja hata nyingine.

Kounin aliyapa majina makosa ya kuvusha. Sitayataja majina yake ya Kiingereza. Nitataja makosa kama niliyoyaona kwangu, kwa kuwa yote nalikuwa nayo. La kwanza ni kuanza jambo na kuliacha likining'inia. "Haya, fungueni madaftari, andikeni ... hivi yule mwenzenu wa deski la tatu leo yuko wapi?" Watu 62 wameshika kalamu hewani. La pili ni kufunga jambo, kufungua jingine, kisha kulirudia lile la kwanza: "Geukeni katika vikundi. Ngoja, ngoja, nani hakumaliza kunakili mfano wa nne?" La tatu ni kulivunja tendo moja vipande vipande, kuita kikundi cha kwanza kihame huku vingine vyote vinatazama, kisha cha pili, kisha cha tatu, ilhali wote wangeweza kugeuka kwa mara moja. Hili la tatu ndilo lililonila zile dakika 5. Nalidhani ni utaratibu mwema. Kumbe nalikuwa nimewapa watu zaidi ya hamsini kazi ya kungoja, na anayengoja huanza soga.

Nikaketi nikaliandika andalio upya, somo lile lile, kwa darasa la pili la mwaka wa 7 ambalo lilikuwa bado halijalisoma. Safari hii nalianzia mwishoni. Nikasema: zoezi ndilo mfalme, nalo lina sentensi tano, na mtoto wa kawaida ataziandika kwa dakika 7, si 5. Kukusanya karatasi 62 na kuagana, dakika 3. Basi zoezi hapana budi lianze dakika ya 30, liwalo na liwe. Ndipo nikarudi nyuma kuzigawa hizo dakika 30 zilizobaki.

Dakika 3 za kwanza nikazitoa kwa kuingia, ila nikazitilia kazi. Kwa kuwa ubao hunijia umejaa, niliandika sentensi mbili katika karatasi kubwa, nikaitundika kwenye msumari karibu na mlango: "Kitabu ... kimepotea. Vitabu ... vimepotea." Anayeingia huiona, huketi, hutoa daftari, huandika neno linalopungua. Mimi nafuta ubao. Hivyo kile kivuko cha kutoa madaftari, kilichokuwa cha pili, nimekiingiza ndani ya kile cha kwanza, na hakihesabiwi mara mbili. Salamu tukapeana tukiwa tumekwisha anza kazi.

Halafu utangulizi, dakika 5. Nikamwomba mtoto mmoja wa milimani aseme kwa Kirundi "kitabu changu", kisha "vitabu vyangu". Akasema. Nikaandika ubaoni Kirundi juu, Kiswahili chini. Darasa lilinyamaza kwanza, kisha wale wa Buyenzi wakaanza kutazamana. Dakika 1 ya kufungua ukurasa mpya. Maarifa mapya, dakika 12, kwa mifano sita, si kumi. Dakika 1 ya kugeuka. Vikundi, dakika 7. Dakika 1 ya kugeuka tena mbele. Zoezi, dakika 7. Kukusanya, dakika 3. Ukijumlisha ni 40 kamili. Vivuko 9, na kazi 31.

Angalieni kwamba sikuvuna dakika nyingi. Toka 27 mpaka 31 ni 4 tu. Asiyejua atadhani nimewakimbiza watoto. Hapana, nilichofanya ni kupunguza mzigo. Nalikuwa nimepanga pia kufundisha hiki na hivi, kile na vile. Nikaviondoa, nikavipeleka kipindi kingine. Vilevile sikuwahamisha watu. Deski la kwanza waligeuka nyuma kulitazama la pili, la tatu wakalitazama la nne, na hivyo hivyo hata ukutani; wale wawili waliobaki peke yao wakaungana na jirani zao. Watatu mbele na watatu nyuma ni kikundi cha sita, na hakuna benchi lililobebwa. Mtu wa nyuma wala hahitaji kuinuka.

Kugeuka kwa dakika moja hakutokei kwa kupiga kelele. Siri yake ni kusema kila kitu kabla mtu hajajongea, maana wakianza kujongea sauti yako imekwisha. Nalisema hivi: "Bado msigeuke. Nikigonga meza, madeski ya kwanza, ya tatu na ya tano yatageuka nyuma. Mtajaza safu hii ya ubaoni. Anayeandika ni wa kulia kabisa. Nikigonga mara mbili mnageuka mbele, hata kama hamjamaliza." Kisha nikamwuliza mmoja aliyekuwa akitazama dirishani, "Nikigonga mara mbili?" Akajibu. Ndipo nikagonga. Maneno hayo huchukua kama nusu dakika, na mwalimu mwenye haraka huona ni hasara. Ajaribu kuyaacha siku moja, aone atakavyozungukia kila kikundi akiyarudia.

Jambo jingine dogo lililonisaidia: sikuandika "dakika 7" peke yake, bali saa yenyewe ya ukutani. Kipindi kile kilianza saa 4 na dakika 25. Kwa hiyo mbele ya zoezi niliandika saa 4 na dakika 55, kwa kalamu nyekundu. Mwalimu aliyesimama mbele ya watu 62 hawezi tena kupiga hesabu kwamba dakika ya 30 ya kipindi kilichoanza saa 4 na dakika 25 ni saa ngapi. Atazame saa, atazame karatasi, aone kama amechelewa. Na karibu na vikundi nikatia alama ndogo, yaani: nikichelewa, hapa ndipo pa kupunguza. Uamuzi huo yafaa ufanywe nyumbani jioni, kichwa kikiwa kimetulia. Ukiungojea darasani, utapunguza kile kilicho mwisho, kwa sababu tu kiko mwisho.

Alama ile ilinifaa mapema kuliko nilivyodhani. Katikati ya maarifa mapya mtoto mmoja akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, na kiboko je? Ni kiboko changu?" Darasa likacheka, maana viboko wa ziwani kwetu kila mtu anawajua, nao usiku hutoka majini wakaja kula majani karibu na nyumba za watu. Lakini swali lilikuwa la maana kuliko mifano yangu yote sita. Kiboko mnyama, ijapokuwa umbo lake ni la KI-VI, hufuata viumbe wenye uhai: kiboko wangu, kiboko mkubwa. Na kiboko cha kuchapia ni kitu, kwa hiyo ni kiboko changu. Mwenye kusema "kiboko changu kimepotea" anatafuta fimbo yake. Mwenye kusema "kiboko wangu amepotea", Mungu amsaidie. Tulicheka, na dakika 2 zikaenda. Nikazitoa katika vikundi, vikawa dakika 5. Nikaandika neno kiboko pembeni mwa ubao ili tuendelee nalo siku ya pili, na saa 4 na dakika 55 zoezi likaanza.

Jioni nikazipanga zile karatasi mafungu matatu: waliopata yote, waliokosea hapa na pale, na walioandika kitabu yangu tangu juu hata chini. Katika fungu la tatu nalikuta karibu wote walionyoosha vidole kwanza. Katika fungu la kwanza nalikuta majina ambayo sikuwahi kuyasikia yakijibu chochote tangu mwaka uanze. Kipindi kilichofuata nalijua pa kuanzia, na nani amkalie nani karibu.

Mzee mmoja katika chumba chetu cha waalimu, ambaye namheshimu kwa kuwa alifundisha kabla sijazaliwa, aliniona nikipiga mistari hiyo akaniambia, "Mwanangu, wataka kufundisha kama afande wa kwata. Somo lina pumzi yake. Ukitazama saa humtazami mtoto." Nimelifikiri sana neno lake, nami sisemi kwamba amekosa. Nimewaona waalimu wanaokata jibu zuri katikati kwa sababu mstari wa andalio umefika mwisho, na hao ni wabaya kuliko wasio na andalio. Lakini nalimjibu, kwa adabu, kwamba ni saa iliyoniruhusu kumpa yule mtoto wa kiboko dakika 2 bila wasiwasi, kwa kuwa nalijua zinatoka wapi. Zamani ningalimjibu "tutaona baadaye", ama ningalimjibu na kulipoteza zoezi. Mzee akacheka akasema, "Na mvua je?"

Hapo alinishika. Wote tuliosoma chini ya mabati ya Bujumbura twajua kwamba mvua ya Aprili ikianza, mwalimu hata apige ukelele kama mvuvi hasikiki deski la pili. Andalio langu halikuwa na mstari wa mvua. Sasa lina mstari huo, nao ni mfupi: mvua ikianza, zoezi la kuandika huja mbele mara moja, kwa kuwa halihitaji sauti, na maelezo hungoja mbingu zinyamaze. Nimelitumia mara mbili. Mara moja mvua ilikatika nilipokuwa nimekwisha igeuza ratiba yote, na tukabaki tunatazamana.

Nakiri pia kwamba kwa darasa la watu 100, karatasi hazikusanywi kwa dakika 3, na kugeuka hakuwezekani wanapokaa watano katika deski la watatu. Hapo huandikisha sentensi mbili badala ya tano, nao hupitisha karatasi mkono kwa mkono toka nyuma hata mbele. Na mwalimu mwenye vipindi vingi asubuhi na mchana hawezi kuandika maandalio ya namna hii kwa kila kipindi. Mimi mwenyewe huandika moja kwa siku kwa ukamilifu, lile la darasa gumu kuliko yote, na mengine kwa ufupi.

Lakini wale wanaokuja kukagua waalimu, ningewaomba jambo moja. Wanapolishika andalio, wasijumlishe tu kama zinatimia 40. Waulize, "Vivuko viko wapi?" Ambaye karatasi yake inatimia 40 pasipo kivuko hata kimoja, ama hajalifundisha somo lile, ama amelifundisha na halikwisha.

Na ninyi wanafunzi, mnaoisoma habari hii mkijua mapungufu ya waalimu wenu kuliko sisi wenyewe: mmoja wenu aazime saa kesho akae nyuma aandike, kama yule wangu. Amwonyeshe mwalimu baadaye, faraghani, kwa heshima.

Kwa ndugu zangu wanafunzi wa zamani nina ombi, kwa kuwa nasikia mnachanga fedha za lango jipya la shule. Lango ni zuri. Ila katika vyumba vingi nilivyofundisha hapakuwa na saa ya ukutani, na katika vile viwili vilivyokuwa nayo, imetundikwa juu ya ubao, mahali ambapo wanafunzi huitazama kutwa nzima na mwalimu haioni kwa kuwa ameipa kisogo. Fedha zikibaki, nunueni saa, moja kwa kila darasa, na fundi aambiwe aitundike ukuta wa nyuma.